Kiingereza cha kaunta na hesabu za simu kwa wauzaji wa Kariakoo: maswali mnayouliza sana

Wadau, kila nikiposti kuhusu darasa la asubuhi inboksi inajaa maswali yaleyale, nimeona niyaweke yote hapa sehemu moja. Mengine yanatoka kwa wauzaji wenyewe, mengine kwa mabosi wenye fremu, na siku hizi hata watu wa Mwanza na Arusha wanauliza namna ya kuanzisha la kwao. Maneno ya Kiingereza nimeyaandika yanavyosikika, maana ndo tunavyoyaandika kwenye daftari wiki za mwanzo.

Darasa ni la nani hasa?

Ni la mtu anayesimama kaunta. Muuza mashati, vitenge, viatu, vipodozi, vyombo, spea za simu, na mawinga pia. Tena kama kuna watu wanaolihitaji kuliko wote ni mawinga, kwa sababu mwenye duka anakaa anasubiri mteja amfuate, winga yeye ndo anamdaka mteja njiani na kumzungusha fremu hadi fremu, sasa kama hamwelewani pale barabarani huyo mteja ameshaenda na mwingine.

Sio darasa la mtu anayejiandaa na mtihani wala usaili wa kazi ofisini. Wakija huwa nawaambia ukweli, hapa utapoteza hela yako.

Mbona hamfundishi Kiingereza chote na grama yake?

Kwa sababu muda ni dakika 45 na mtu kaamka saa kumi na moja Mbagala au Gongo la Mboto, akitoka hapo anaenda kusimama mpaka jioni. Wengi wao pia walishafundishwa hiyo grama sekondari, wanaijua vizuri tu kwenye karatasi, ila mteja akisimama mbele yao na kuongea haraka mdomo unaganda. Kinachowakwamisha ni sikio na mdomo, ndo maana tunashughulika na hivyo.

Kwa iyo tunafuata safari ya mteja mwenyewe. Anaingia, anaangalia, anauliza bei, anauliza saizi au rangi, anaomba apunguziwe, anachukua moja au anachukua dazani, analipa, anauliza mzigo utafikaje basini. Basi. Kila kituo kwenye hiyo safari kina sentensi zake chache, na tunakaa kwenye kituo kimoja wiki nzima mpaka zinatoka zenyewe.

Mnajuaje wateja wanauliza nini?

Hili ndo swali namba moja kwa anayetaka kuanzisha darasa, na wengi wanaliruka. Kabla ya kipindi cha kwanza kila anayejiandikisha anapewa kazi ya wiki moja: weka kidaftari kaunta, kila akija mteja ambaye mmeshindwana lugha andika katoka wapi na alikuwa anataka nini pale mlipokwama. Mstari mmoja tu, hata kwa Kiswahili.

Zile daftari zinafundisha sana. Mtu anakuja akidhani wateja wake wote wa nje wanahitaji Kiingereza, kumbe ukisoma unakuta Mkongo wa Lubumbashi anaongea Kiswahili chake vizuri tu, tatizo lilikuwa yeye anahesabu kwa Kifaransa. Mkomoro naye mnaelewana nusu nusu kwa Kiswahili. Kiingereza kinahitajika hasa kwa Mzambia, Mmalawi, Mzimbabwe, na watalii wachache wanaopita. Alafu utaona sehemu za kukwama zinajirudia: bei, idadi, saizi, na muda wa kurudi kuchukua mzigo. Ukiona kwenye daftari zako bei na idadi ndo zimejaa, anza na namba, usianze na salamu. Salamu watu wanazijua.

Namba? Si kila mtu anajua kuhesabu Kiingereza?

Kuhesabu moja mpaka mia kwa mpangilio kila mtu anajua. Kuisikia namba moja peke yake katikati ya kelele za Msimbazi ni kitu kingine kabisa.

Ugonjwa mkubwa ni zile za kumi na kitu dhidi ya makumi. Fotiin na foti, fiftiin na fifti, eitiin na eiti. Kumi na tano elfu na hamsini elfu, fikiria hiyo tofauti kwenye kaunta. Siri iko kwenye mkazo: fiftiin unaivuta mwisho, fifti unaigonga mwanzo na kuikata. Kiswahili chetu kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, sasa mdomo unazipiga zote mbili FIF-ti na mteja anasikia hamsini.

Kitu cha pili ni laki. Sisi tunasema laki mbili na nusu tunamaliza, Mzambia hana laki kwenye Kiingereza chake, lazima umwambie "tuu handred fifti thauzandi". Watu wanakwama hapo kichwani wakitafuta laki kwa Kiingereza, wanaishia kusema "tuu fifti" wakidhani ni mbili na hamsini. Zoezi lake ni kukariri ngazi tu: elfu kumi ni teni thauzandi, laki ni wani handred thauzandi, laki tano ni faivi handred thauzandi, milioni inabaki milioni. Asubuhi tatu nne linakaa.

Na ule mtindo wetu wa kumeza elfu, yani "hii ishirini", kwa mgeni ni hatari. Yeye hajui unaongelea shilingi ngapi, wengine wanabadilisha kichwani kwenda kwacha kabisa.

Zoezi letu la kila siku ni hili. Natamka bei kumi, kila mtu anazipiga kwenye kikokotoo cha simu, hakuna kuandika maneno. Alafu tunageuza simu tunalinganisha. Wiki ya kwanza watu wazuri tu wanapata sita kati ya kumi, na makosa yote yako kwenye fiftiin na fifti. Akishapata kumi kati ya kumi siku mbili mfululizo anahamia kwenye kutamka, yeye anasema mwenzie anapiga.

Hata ukishakuwa mkali, sheria ya kaunta haibadiliki. Bei unaitamka na wakati huohuo unamwonyesha kwenye kikokotoo, screen ikiwa upande wake. Sio aibu, ndo inavyofanyika masoko mengi tu duniani.

Kuna mteja aliniuliza "hamna saizi 42?" nikajibu "yesi" akaondoka, wakati ipo. Nilikosea wapi?

Swali zuri sana na linauma watu wengi. Mtu akikuuliza kwa Kiswahili "hamna 42?" ukajibu "ndiyo" maana yake ndiyo, hamna. Unakubaliana na maneno yake. Kwenye Kiingereza cha Mwingereza ni kinyume, yesi inamaanisha ipo na no inamaanisha haipo, haijalishi swali limeulizwaje. Sasa balaa zaidi ni kwamba Wazambia na Wamalawi wengi lugha zao za nyumbani ni za Kibantu kama chetu, kwa iyo wengi wanaitumia yesi vilevile kama sisi. Ukijibu yesi kwa mtalii atasikia ipo, ukijibu yesi kwa Mzambia huenda akasikia haipo.

Kwa iyo darasani tumeipiga marufuku yesi peke yake. Jibu ni "wi hav" au "wi donti hav", basi, na mkono unaonyesha au unakataa. Hiyo haina namna mbili za kueleweka. Ukitaka iwe tamu zaidi ongeza unacho nini: "wi donti hav foti-tuu, wi hav foti-wani".

Mteja nilimwambia aje saa nne akaja jioni.

Ulimwambia "kam at foo". Kwake foo ni saa kumi jioni. Saa yetu na yao zinapishana masaa sita, unaongeza au unatoa sita, kwa iyo saa nne asubuhi ni teni. Kila mtu anaijua hii akiwa ametulia, ila ukiwa na wateja watatu na simu inaita unatafsiri neno kwa neno linatoka foo. Dawa yake tumekubaliana hivi: muda hutamki kutoka kichwani, unafungua saa ya simu, unasoma namba iliyoandikwa pale na kumwonyesha. Na uongeze neno la "moning" au "ivning". Mzigo wa kupakia basi la Tunduma ukipishana masaa sita huyo mtu amelala Dar usiku mwingine na anakulaumu wewe.

Matamshi yangu ni mabovu, je nitaeleweka?

Utaeleweka. Hatuhangaiki kuongea kama Mwingereza, mteja wako mwenyewe haongei hivo. Tunarekebisha tu matamshi yanayoharibu biashara.

Kiswahili kina irabu tano, Kiingereza kina nyingi zaidi, kwa iyo maneno ambayo kwao ni tofauti kwetu yanakuwa mapacha. Kofia na kikombe kwa mfano, kapu na kapu. Ukiuza vyombo na mwenzio anauza kofia fremu ya jirani mtajua shida yake. Wauza mashuka nao wana kazi yao maalum, lile neno la shuka usipolivuta linageuka tusi, na nimeshaona watalii wawili wanaangaliana na kucheka huku dada wa watu anaendelea kunadi kwa sauti. Vuta, "shiiiti", au epuka kabisa useme "bedi kava". Wanaochanganya r na l tunawapa zoezi la "praisi" na "kala" tu, hayo ndo maneno mawili wanayoyatumia kutwa, mengine yatakuja yenyewe.

Nikisema "unataka nini" kwa Kiingereza wateja wanakasirika, kwa nini?

Kwa sababu Kiswahili chetu adabu imeshatangulia, umeshamwambia karibu dada, karibu mama, shikamoo, alafu ndo unauliza. Kwenye Kiingereza unakuja na "woti du yu wonti?" ikiwa kavu, inasikika kama unamfukuza. Sema "welkam, hau ken ai help yu?" Kwenye kupunguza bei usiseme "no" ukanyamaza, sema "laasti praisi" na namba, au "if yu teki tuu, ai giv yu" na namba. Hiyo ya pili ndo inauza, kwa sababu unampa sababu ya kuongeza mzigo badala ya kubishana kwenye kimoja. Na usimwambie mtu "sori" kwa kuwa amebeba mzigo mzito, kwetu ni pole, yeye atajiuliza umemkosea nini.

Naona aibu kuongea mbele za watu.

Kila mtu. Ndo maana hakuna kusimama mbele. Tunakaa wawili wawili, mmoja muuzaji mmoja mteja, na bidhaa halisi katikati, mtu analeta shati lake au kopo la losheni. Baada ya dakika tano mnabadilishana. Mimi napita nasikiliza, sikatishi mtu katikati, narekebisha mwishoni. Watu 12 ni mwisho, zaidi ya hapo siwezi kumsikia kila mtu na wale wenye aibu wanajificha kwenye kelele.

Usiku natuma voisi fupi kwenye grupu la Wasapu, sekunde kama 20, sentensi mbili tatu za kesho. Mtu anasikiliza kwenye daladala. Ndefu zaidi hazisikilizwi, tusidanganyane.

Upande wa kompyuta, mbona mnafundisha kwenye simu?

Kwa sababu dukani hakuna kompyuta, ipo simu. Ukimfundisha mtu kuwasha kompyuta na kushika mausi alafu akarudi kwenye fremu yenye kaunta na droo tu, baada ya mwezi ameshasahau. Wanaofanya kazi steshenari au maduka ya dawa wanaikuta kompyuta kazini kweli, hao nawaelekeza wakatafute kozi fupi VETA, pale Chang'ombe kwa mfano, watapata mashine ya kushika muda mrefu.

Sisi siku moja kwa wiki tunafundisha kitu kimoja tu, kuhamisha daftari la mauzo kwenda Google Sheets. Ni programu ya bure, inafungua kwenye simu janja za kawaida, na inafanya kazi hata bando likiisha ilimradi faili uliliwekea "Make available offline" kabla.

Nionyeshe mfano, mi naona daftari linatosha.

Daftari linatosha kuandika, kwenye kujumlisha ndo linachosha. Chukua duka la mashati, shati jeupe saizi L. Wiki imeanza ukiwa nazo 24, zikaingia 12 kutoka stoo, zikauzwa 17. Safu A jina la bidhaa, B za mwanzo, C zilizoingia, D zilizouzwa, na E unaandika

```
=B2+C2-D2
```

inakuletea 19. Sasa unahesabu zilizoko rafu, unakuta 18. Hapo umejua leo kwamba moja haionekani, hujasubiri kufunga mwaka. Inawezekana imeibiwa, ila mara nyingi mtu kauza akasahau kuandika, au kampa winga aende kumwonyesha mteja haijarudi.

Alafu kuna hela. Umenunua shati 9,000, unauza 15,000, watu wengi wanapiga faida 6,000 mara 17 wanapata 102,000 wanafurahi. Lakini kumbuka saba zilienda kwa mteja wa jumla kwa 13,000. Kwa iyo zilizoingia ni kumi kwa 15,000, laki na nusu, na saba kwa 13,000, elfu 91, jumla 241,000. Ukitoa mtaji wa hizo 17 ambao ni 153,000 inabaki 88,000. Ile 14,000 uliyodhani unayo haipo, na kama umeshaitumia umekula mtaji. Ndo maana safu F tunaandika hela iliyoingia kweli mkononi na kwenye lipa namba, sio bei iliyobandikwa. G tunaweka bei ya kununulia, na H

```
=F2-D2*G2
```

Hiyo 88,000 bado haijatoa kodi ya fremu, umeme wala chai, hayo yanakaa kwenye ukurasa mwingine. Huu ni mstari mmoja. Duka lenye bidhaa 30 lina mistari 30 na chini kabisa

```
=SUM(H2:H31)
```

Hatufundishi fomula zaidi ya hizo tatu miezi miwili ya mwanzo. Mtu akizielewa hizi na kuzijaza kila jioni ameshapiga hatua kuliko aliyefundishwa ishirini.

Nimejaza ila jumla inagoma, inaleta sifuri au #VALUE!

Asilimia kubwa ni kwa sababu umeandika 15,000/= kama tulivyozoea kwenye lisiti. Ile /= inaigeuza namba kuwa maneno, SUM inairuka kimya kimya kama vile haipo, na ukiizidisha ndo inaleta #VALUE!. Andika 15000 tupu. Namna ya kugundua ni rahisi, kama hujagusa mpangilio, namba ya kweli inajipanga kulia kwenye kisanduku na maneno yanajipanga kushoto. Pitisha jicho kwenye safu, iliyokimbilia kushoto ndo mchawi wako.

Ya pili ni nukta. Ukiandika 15.000 simu nyingi zinasoma kumi na tano tu. Hii mbaya zaidi kwa sababu haileti kosa lolote, inajumlisha vizuri kabisa ila jumla inakuwa ndogo kiajabu. Na ya tatu, namba ya simu ya mteja ikianza na sifuri ile sifuri inaliwa, weka alama ya ' mbele yake kabla ya kuandika.

Simu ikiibiwa data zangu zinapotea?

Hazipotei kama unajua akaunti yako. Na hapo ndo penye shida, maana simu nyingi zimenunuliwa zikiwa zimeshafunguliwa Gmail na kijana wa duka la simu, mwenye simu hajui anuani wala paswedi. Ukiipoteza hiyo simu faili lipo, ila huna mlango wa kuingilia. Kwa iyo kipindi cha kwanza kabisa cha simu hatugusi Sheets, tunatafuta akaunti ni ya nani, kama hujui paswedi tunafungua mpya hapohapo, na unaiandika kwenye karatasi inakaa nyumbani. Sio dukani, nyumbani. Kipindi kinaonekana cha kupoteza muda, mimi sikiruki.

Mimi ni bosi, nikimsomesha kijana si atahama?

Anaweza. Hata asiyesoma anahama. Ninachoona mimi mabosi wanachokiogopa zaidi ni kijana kuchukua wateja wa nje na kuwauzia pembeni, na hapo jedwali linakulinda, kwa sababu majina ya wateja na mauzo yako kwenye faili lako, wewe ndo mmiliki na yeye umempa nafasi ya "Editor" tu. Akiondoka unamtoa. Ukikaa kwenye kompyuta ukafungua File, alafu Version history, unaona nani kabadilisha nini na saa ngapi.

Mimi ni mfanyakazi, si jedwali litatumika kunikata mshahara?

Wasiwasi wako una msingi na nimeliona likitokea. Ndo maana bosi akija kulipia vijana wake namwomba mkubaliane mbele yangu: mwezi wa kwanza upungufu wowote kwenye jedwali hauhusiani na mshahara. Mwezi wa kwanza makosa mengi ni ya kuandika, mtu kaweka 12 kwenye mstari wa bluu badala ya mweupe, sasa huku inazidi kule inapungua. Ukianza kukata, vijana watajaza namba zinazompendeza bosi, na hapo jedwali halina kazi tena. Bosi akikataa hilo sharti, nafundisha Kiingereza tu.

Ada ni kiasi gani, na nikitaka kuanzisha la kwangu hesabu ikoje?

Elfu kumi kwa wiki, asubuhi tatu za Kiingereza na moja ya simu. Tunalipana kwa wiki kwa sababu hela ya kaunta inakuja kwa siku, ukimwambia muuzaji ada ya miezi mitatu kwa mkupuo unampoteza. Wakiwa 12 ni 120,000. Chumba 40,000 kwa wiki, maana tunakitumia kabla mwenyewe hajafungua, kopi na maka peni kama 10,000, kwa mwalimu inabaki 70,000. Wakishuka wakawa saba unapata 70,000 yote, unatoa 50,000 unabaki na 20,000 kwa vipindi vinne. Kwa iyo tafuta chumba kwanza, ikiwezekana stoo ya mmoja wa wanafunzi au ukumbi wa chama cha wafanyabiashara, chumba ndo kinaua madarasa haya.

Muda gani?

Saa moja na robo mpaka saa mbili kamili asubuhi, Jumatatu mpaka Alhamisi. Jioni tulijaribu watu wanasinzia. Ramadhani tunafupisha iwe nusu saa na voisi zinabeba zaidi. Wiki mbili kabla ya Idi, Desemba kuanzia katikati, na Januari kwa wauza sare za shule tunafunga kabisa, hakuna atakayekuja na ukilazimisha unaweka picha ya darasa kufa.

Mnatoa cheti?

Hapana. Ukitaka cheti kinachotambulika nenda kwenye chuo kilichosajiliwa, au VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi kwa mafundi waliojifunzia kazini. Kipimo chetu sisi ni kimoja, wiki ya nane naomba Mmalawi au Mzambia anayeishi hapa apite dukani kwako kama mteja bila kukwambia siku, ananunua au hanunui, alafu ananiambia alielewa bei na muda wa kurudi au la.

Kichina na Kifaransa je?

Kichina kwa anayeenda Guangzhou mwenyewe sawa, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo Taasisi ya Konfusio, wanafundisha vizuri kuliko mimi ambaye sijui. Ila kama unaagiza kupitia ejenti, picha, kikokotoo na kipimo cha saizi kwa sentimita vinatosha. Kifaransa nafikiria kuongeza namba tu, moja mpaka elfu, kwa ajili ya Wakongo na Wakomoro. Nikipata mtu anayezijua vizuri na anaamka mapema.

Sijui kusoma vizuri, nije?

Njoo. Kiingereza cha kaunta hakihitaji daftari, unasikia unasema. Kwenye jedwali tunaweka picha ya bidhaa mwanzo wa mstari na wewe unajaza namba, mwenzio anajaza maneno. Nitumie voisi usihangaike kutaipu, taja unauza nini na mtaa gani, nitakwambia kundi linaloanza ni lini.